Jina la Mshale: Historia ya Mchoro wa Awamu na Istilahi Zake

Tuanze na jambo ambalo humshangaza kila mwanafunzi anapolikuta kwa mara ya kwanza. Katika maabara ya shule ya sekondari mjini Bariadi, tuseme, mwanafunzi wa Kidato cha Sita anaunganisha rezista na koili kwa mfululizo, kisha anazilisha mkondo geu kutoka kwenye transfoma ndogo yenye volti 25. Anapima volteji ya rezista, anapata volti 13.3. Anapima volteji ya koili, anapata volti 18.2. Anajumlisha, jibu ni 31.5. Lakini chanzo chake kilitoa volti 25 tu. Je, hizo volti 6.5 za ziada zimetoka wapi?

Hazikutoka popote. Kosa liko katika kujumlisha. Namba mbili hizo si za kuwekwa moja juu ya nyingine kama magunia ya pamba kwenye mizani, kwa sababu volteji mbili hizo hazifiki kileleni kwa wakati mmoja. Ili kuzijumlisha hapana budi kuzichora kama mishale miwili yenye pembe kati yake. Makala haya yaeleza jinsi mishale hiyo ilivyopatikana, jinsi pembe yake inavyotafutwa, na tatizo la lugha linaloambatana nayo: tuuite nini mshale huo kwa Kiswahili, ili jina lenyewe lisimpotoshe mtu anayelitumia?

Kwanza tuelewane kuhusu mshale. Pindua baiskeli, chombo kisichokosekana katika vijiji vya Simiyu, isimame kwa kiti chake. Funga kitambaa chekundu kwenye ncha ya spoku moja ya gurudumu la nyuma, na kitambaa cheupe kwenye ncha ya spoku nyingine, kisha zungusha gurudumu kwa mwendo usiobadilika. Tazama kimo cha kila kitambaa juu au chini ya ekseli. Kitambaa chekundu chapanda, chafika kileleni, chashuka, chapita usawa wa ekseli, chafika chini kabisa, kisha charudi. Cheupe chafanya vivyo hivyo, lakini kwa wakati wake. Spoku zenyewe hazibadili pembe iliyo kati yao hata gurudumu likizunguka mara elfu.

Mkondo geu wa gridi ya Tanzania hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na volteji yake hupanda na kushuka kama kile kitambaa. Kwa hiyo kila volteji na kila mkondo katika saketi unaweza kuwakilishwa na spoku moja. Urefu wa spoku waonyesha ukubwa. Pembe kati ya spoku mbili yaonyesha ni ipi inayotangulia na ni kwa kiasi gani. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, nao huchukua sekunde 0.02, basi pembe ya nyuzi 90 ni robo ya muda huo, yaani sekunde 0.005. Tukilisimamisha gurudumu na kuichora mishale kama ilivyo kwa wakati huo, tumepata mchoro wenyewe.

Mchoro huu haukuwapo tangu mwanzo wa umeme. Mafundi wa mwanzo walitumia mkondo wa betri, usiobadili uelekeo, na kwao volti 13 na volti 18 zilikuwa daima volti 31. Mkondo geu ulipoanza kuenea Ulaya na Amerika katika miaka ya 1880, hesabu zao zilikataa kukubaliana na mita zao, kama ilivyomtokea mwanafunzi wetu. Mwaka 1885 Mwingereza Thomas Blakesley alichapisha mfululizo wa makala akionyesha kwamba masuala ya mkondo geu yaweza kutatuliwa kwa rula na bikari, kwa kuichora mistari inayozunguka. Hapo jiometri ya zamani ikaingia katika karakana ya umeme.

Mwaka uliofuata, 1886, Mwingereza mwingine aitwaye Oliver Heaviside, mtu aliyejifunza mwenyewe na aliyewahi kufanya kazi ya simu za maandishi, aliunda maneno mawili ambayo leo yamo katika kila kitabu cha fizikia: induktansi na impedansi. La kwanza lilitaja tabia ya koili ya kupinga mabadiliko ya mkondo. La pili lilitaja kizuizi kizima ambacho saketi huuwekea mkondo geu. Neno la tatu, riaktansi, likatokea Ufaransa mwaka 1893. Mwaka huohuo, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Chicago, kipimo cha induktansi kilipewa jina la henri, na katika mkutano uleule Charles Steinmetz, Mjerumani aliyehamia Amerika miaka minne kabla yake, akaonyesha jinsi mishale ya kuchora iwezavyo kugeuzwa kuwa hesabu: sehemu ya mshale iliyolala iandikwe peke yake, na sehemu iliyosimama iandikwe peke yake, wala zisichanganywe.

Tazama basi, ndugu msomaji. Maneno ambayo baadhi yetu huyaona kama mali ya asili ya Kiingereza yaliundwa na watu wachache katika muda wa miaka minane hivi, kwa kutumia vipande vya Kilatini, kwa sababu kazi ilidai. Hata Kiingereza hakikuwa nayo kabla ya hapo.

Sasa turudi Bariadi na tuichore saketi yetu, kwanza kwa koili ya karatasini, yaani ile isiyo na ukinzani wowote wa waya. Rezista ina omu 30. Koili ina induktansi ya henri 0.127. Riaktansi ya koili hupatikana hivi:

X = 2πfL = 2 × 3.14 × 50 × 0.127 = omu 40

Kwa kuwa vyombo vimefungwa kwa mfululizo, mkondo unaopita katika kimoja ndio unaopita katika kingine. Kwa hiyo mkondo ndio nguzo ya mchoro: uchore mshale wake ukilala kuelekea kulia. Volteji ya rezista hupanda na kushuka pamoja na mkondo, basi mshale wake nao hulala juu ya mstari uleule. Volteji ya koili ni mambo mengine. Koili hupinga mabadiliko, kwa hiyo volteji yake huwa kubwa zaidi pale mkondo unapobadilika kwa kasi zaidi. Ni wapi hapo? Tazama tena gurudumu: kitambaa hupanda kwa kasi zaidi kinapopita usawa wa ekseli, si kinapokuwa kileleni. Basi volteji ya koili hufika kileleni wakati mkondo ungali sifuri ukianza kupanda, yaani robo ya mzunguko kabla ya mkondo wenyewe kufika kileleni. Mshale wake husimama wima kwenda juu, nyuzi 90 mbele ya mkondo, kwa kuwa tumekubaliana kwamba gurudumu letu lazunguka kinyume cha mwendo wa saa.

Mshale mmoja umelala, mwingine umesimama, na volteji ya chanzo ni mshale unaofunga pembetatu. Impedansi hupatikana kwa kanuni ya Pithagorasi:

Z = √(30² + 40²) = omu 50

Mkondo ni 25 ÷ 50 = ampea 0.5. Volteji ya rezista ni volti 15, ya koili ni volti 20, na kipeuo cha pili cha 15² + 20² ni 25 barabara. Pembe kati ya volteji ya chanzo na mkondo, ambayo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki φ, ina tanjenti ya 40 ÷ 30, nayo ni nyuzi 53. Hivyo ndivyo vitabu visemavyo, na hapo aghalabu ndipo vinapoishia.

Lakini mita za mwanafunzi wetu hazikusoma 15 na 20. Zilisoma 13.3 na 18.2. Na hata akizitumia kwa kanuni ya Pithagorasi, apata kipeuo cha pili cha 13.3² + 18.2², ambacho ni volti 22.5, wala si 25. Akijumlisha moja kwa moja jibu lazidi. Akitumia kanuni jibu lapungua. Wengi hapo husema mita ni mbovu. La hasha. Upungufu huo ndio ishara kwamba koili yake ni ya waya halisi, na waya una ukinzani wake. Mshale wa volteji ya koili hausimami wima tena. Umeinama kidogo kulia, na pembemraba iliyotegemewa na kanuni haipo.

Dawa ya jambo hili ilitolewa mwaka 1891 na Waingereza wawili, Ayrton na Sumpner, nayo yahitaji voltimita tu. Kwa kuwa volteji tatu hufanya pembetatu, na pembetatu yenye pande tatu zinazojulikana haiwezi kuwa na umbo jingine, yatosha kupima zote tatu na kuichora. Lalisha mstari wa sentimita 13.3 kuwa volteji ya rezista. Kutoka mwanzo wa mstari huo, piga tao kwa bikari lenye nusukipenyo cha sentimita 25. Kutoka mwisho wake, piga tao jingine la sentimita 18.2. Pale matao yanapokutana juu ya mstari ndipo ilipo ncha ya mshale wa chanzo. Weka kipimapembe mwanzoni mwa mstari, nawe utasoma nyuzi 45. Asiye na bikari aweza kukokotoa:

cos φ = (25² + 13.3² − 18.2²) ÷ (2 × 25 × 13.3) = 0.708

Hiyo ni kosini ya nyuzi 45. Mwanafunzi aliyegawanya 18.2 kwa 13.3 na kuchukua tanjenti angepata karibu nyuzi 54, akakosea kwa nyuzi tisa bila kujua.

Mchoro huohuo wamwambia mengine. Kimo cha ncha ni 25 × 0.706, yaani volti 17.7; na umbali wake kwenda kulia ni volti 17.7 vilevile. Ukiondoa 13.3 ya rezista, zabaki volti 4.4 zilizolala, ambazo ni za waya wa koili. Mkondo ni 13.3 ÷ 30, yaani ampea 0.443. Basi ukinzani wa waya ni omu 10, na riaktansi ni 17.7 ÷ 0.443, yaani omu 40 zilezile tulizozikokotoa kwa induktansi. Hapo mwanafunzi hujua kwamba amepima vizuri. Lakini na aangalie jambo moja: volteji moja ikiwa ndogo mno kuliko nyingine, matao hukutana kwa kuteleza, na kosa dogo la mita huwa kosa kubwa la pembe. Yafaa achague rezista ambayo volteji yake haipishani sana na ya koili.

Je, yote haya yana faida gani nje ya maabara? Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni nchi ya pamba, na pamba huchambuliwa kwa mitambo inayoendeshwa na mota. Mota ya mkondo geu ina koili ndani yake. Kwa makadirio, kila fezi ya mota yaweza kuchukuliwa kama rezista na koili kwa mfululizo, ingawa hapo rezista yawakilisha pia kazi inayofanywa na mashine, wala thamani zake hazitulii: mota inayozunguka bure huwa na pembe kubwa zaidi kuliko mota iliyoshiba pamba.

Tuseme kiwanda chatumia kilowati 100 kwa kazi halisi, na pembe yake ni nyuzi 45 kama ya mwanafunzi wetu. Kilowati hizo ni ule upande uliolala wa pembetatu. Upande mrefu, ambao ndio unaopita katika waya na transfoma, ni 100 ÷ 0.707, yaani kilovolti-ampea 141. Wateja wakubwa wa Tanesko hutozwa, pamoja na malipo ya nishati, malipo ya kilele cha matumizi yanayohesabiwa kwa kilovolti-ampea. Kiwanda hicho basi chalipia 141 wakati kazi yake ni 100. Kikifunga kapasita zinazopunguza pembe hadi nyuzi 18, upande mrefu huwa 105 tu. Kazi ni ileile, pamba ni ileile. Kilichobadilika ni pembe. Karani asiye na neno la kuitaja pembe hiyo hawezi kumuuliza fundi habari zake, na fundi asiye na neno hawezi kumweleza mwenye kiwanda kwa nini anunue kapasita. Hapo suala la istilahi linakuwa suala la fedha.

Basi tuyatazame maneno yenyewe. Kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni neno jumla. Mtu aliyezoea kusema ukinzani aweza kushawishika kuita impedansi ‘ukinzani jumla’. Neno hili laonekana zuri, tena la Kiswahili. Lakini lampa mwanafunzi amri mbaya: ajumlishe. Atachukua 30 na 40, atapata 70, na mkondo wake utakosea kwa zaidi ya robo. Jina linalofundisha kosa ni baya kuliko jina la kigeni. Kwa hiyo heri tuseme impedansi, kama tunavyosema transfoma na betri bila haya, na neno ukinzani tuliachie upande uliolala peke yake.

Mtego wa pili ni neno vekta. Wenye lugha ya Kiingereza waliutega wakanasa wenyewe. Kwa miaka mingi waliita mishale hii vekta, neno linalotumiwa kwa kani na kasi, ambazo huelekea mashariki au magharibi, juu au chini. Lakini volteji haielekei kaskazini. Mshale wake ukisimama wima, maana yake si kwamba umeme wapanda mbinguni. Maana yake ni wakati. Mkanganyiko huo ulipowachosha, katikati ya karne ya 20 walikwisha kuunda neno jingine kutokana na jina la awamu. Sisi tunaoanza nyuma yao hatuna sababu ya kupita katika shimo lile walilokwisha kulifukia.

Mtego wa tatu ni wa hapahapa kwetu. Tukitohoa neno lao jipya tutapata kitu kama ‘fezori’, na pembe yake tutaiita pembe ya fezi. Lakini kwa fundi wa Tanzania fezi ni waya wenye umeme, kinyume cha nyutro. Na mota ya fezi tatu ni mota ya nyaya tatu. Ukimwambia fundi apime pembe ya fezi, atautafuta waya wa kuugusa kwa testa. Neno awamu halina hatari hiyo. Ni kweli kwamba twasema awamu za uongozi wa nchi, na kwamba mtu hulipa deni kwa awamu; lakini maana ya msingi, zamu katika jambo linaloendelea, ndiyo hasa maana ya kitambaa kwenye gurudumu. Fezi na ibaki kuwa waya, na awamu iwe zamu.

Kwa hiyo mwandishi apendekeza mshale wa awamu kwa jina la mshale, mchoro wa awamu kwa mchoro mzima, na pembe ya awamu kwa φ. Na kwa uhusiano kati ya mishale apendekeza vitenzi viwili vinavyokaa pamoja: kutangulia na kufuata. Wako wanaosema mkondo ‘unachelewa’. Lakini achelewaye alikuwa na saa aliyotakiwa kufika, akashindwa, na mwanafunzi hudhani kwamba umeme umepoteza mwendo ndani ya koili. Mkondo haukupoteza mwendo. Wazunguka kwa kasi ileile ya volteji, mizunguko 50 kwa sekunde, nyuma yake kwa pembe isiyobadilika, kama ndama anayemfuata mama yake njiani kuelekea kisimani. Tuseme: mkondo wafuata volteji kwa nyuzi 45, yaani kwa sekunde 0.0025.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikwisha kuonyesha kwamba fizikia yaweza kusemwa kwa Kiswahili. Kazi iliyobaki katika uwanja huu si ya kuongeza maneno tu, bali ya kuyajaribu: kumpa mwanafunzi rezista, koili, voltimita na bikari, kumwelekeza kwa maneno tuliyoyachagua, kisha kutazama kama ataandika 31.5, au 22.5, au 25. Wasomaji wanaofundisha, na mafundi wanaofunga mota, waombwa kuyajaribu mapendekezo haya hivyo, na kuleta mbele ya Baraza yale yatakayoshindwa.